Mkurugenzi Ana Bwana Nyumbani

Barua yangu ya kwanza ya kiofisi niliiandika nikiwa na miaka 19, na ilianza hivi: "Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi." Niliipeleka mwenyewe masjala, kile chumba ambamo barua zinazoingia ofisi ya serikali hupokelewa, hugongwa muhuri wa tarehe na kutiwa kwenye jalada. Karani, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma mstari wa kwanza akatabasamu. "Mwanangu," aliniambia, "mkurugenzi wetu anaye bwana, ila yuko nyumbani. Hapa hafanyi kazi."

Nilipewa karatasi nyingine na kalamu, nikaandika upya nimesimama pale dirishani. Tangu siku ile nimeandikia watu barua nyingi, za jirani, za ndugu, za wakazi wa mtaa wetu, na mstari ninaoufikiria kwa muda mrefu kuliko yote ni ule mfupi ulio juu ya kichwa cha habari. Nimekuja kuuona kuwa ni ufundi kamili, kama wa fundi cherehani anayekata kanzu ya mtu ambaye hajampima.

Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili chenyewe hakikutuletea tabu hii. "Amesaini," "ataamua," "ofisini kwake": unaweza kumwandikia mtu kurasa kumi, na hakuna kitenzi wala kiwakilishi kitakachokudai useme kama ni mwanamume au mwanamke. Mkurugenzi, katibu, hakimu, mpimaji, karani, yote hayo ni majina yasiyo na suruali wala gauni. Jinsia huingia kupitia mlango mmoja mdogo, nao ni huo wa "Bwana/Bibi" tulioufungua ili kufuata barua za Kiingereza. Wakati wa ukoloni mlango huo haukumsumbua mtu, kwa sababu aliyekaa bomani alikuwa mwanamume tu, na watu walimwita Bwana Shauri bila kuhitaji kukisia. Leo huwezi kubahatisha. Hata ukipata jina bado unaweza kukwama, maana kina Riziki, Furaha na Amani wako pande zote mbili.

Wanafunzi wa Kenya hufundishwa kwamba mtajo wa barua rasmi ni "Kwa Bwana/Bi," na mtahini huutafuta mahali pake. Siwalaumu, lakini ule mkwaju katikati haujawahi kunipendeza. Humwambia msomaji kuwa mwandishi amesimama mlangoni akichungulia, hajui aingie na salamu gani. Isitoshe, maneno hayo mawili hayana uzito sawa. "Bwana" ni cheo, ni mume, na kanisani ni Mungu. "Bi" huko pwani ni heshima tupu, ila "Bibi" kwa watu wengi wa bara ni mama yake mama. Mwandikie afisa wa miaka 30 "Bibi" naye atajitazama kwenye kioo.

Tanzania tulipata njia nyingine, na haikutoka kwenye kitabu cha sarufi bali kwenye siasa. TANU ilikuwa imeweka udugu wa binadamu katika ahadi ya kwanza ya mwanachama wake, na baada ya Azimio la Arusha la 1967, "Ndugu" likawa neno la kumwitia kila mtu, kuanzia waziri hadi mlinzi wa lango. Siasa ile imebadilika sana, lakini neno limebaki ofisini, nami nashukuru. Ndugu ni kaka na ni dada. Halina umri, halina ndoa, halina dini. "Ndugu Mkurugenzi" inamtosha yeyote aliyeketi kwenye kiti kile leo, na ikija barua ya uhamisho kesho, itamtosha pia atakayerithi kiti hicho.

Hilo la uhamisho si la mzaha. Barua ya ofisi haiandikwi kwa mtu, huandikwa kwa kiti. Ikishagongwa muhuri masjala hupelekwa kwa mkuu, naye huandika dokezo kwa mkono: fulani ashughulikie. Kutoka hapo huenda kwa mkuu wa idara, kisha kwa afisa, pengine kwa afisa mwingine yule wa kwanza akiwa likizo. Majibu yakirudi yana sahihi usiyoitambua, na chini yake "Kny," yaani kwa niaba ya. Kwa hiyo salamu yako itasomwa na watu wanne au watano, na huenda aliyekusudiwa asiwe miongoni mwao. Ukiandika cheo, kila mmoja wao anaweza kuisoma bila kujiona ameshika barua ya mwenzake.

Cheo nacho kina adabu zake. "Mheshimiwa" pia haichagui jinsia, na ndiyo maana wasiojua huikimbilia kama mwavuli. Lakini ina wenyewe: waziri, mbunge, diwani, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, jaji, hakimu. Katika jengo moja la halmashauri, mwenyekiti wa madiwani ni Mheshimiwa, na mkurugenzi, ambaye ni mtumishi wa umma, ni Ndugu. Mahali penye meya, yeye ni Mstahiki Meya, awe mama au baba. Polisi mdomoni ni "Afande" kwa wote, ila kwenye karatasi mimi humwandikia "Ndugu Mkuu wa Kituo," kwa kuwa afande ni neno la kupigia saluti, na raia hapigi saluti.

Mwaka juzi shangazi yangu alinijia na shauri la kiwanja. Jirani yake alikuwa amejenga ukuta, na katika kuchimba msingi, bikoni mbili, yale mawe ya mpaka, zilitoweka. Alitaka mpimaji aje kufufua mipaka. Alikuwa ameshapanga maneno yake kichwani, nami nikaketi na kalamu.

"Anza na shikamoo," akasema.

Nikamuuliza shikamoo ya nani. Shangazi ana miaka 71. Mkurugenzi hatumjui, lakini kwa vyovyote hajafika umri huo, maana angekwisha kustaafu. Shikamoo ya mama mzee ingemfikia kijana wa watu ofisini akose pa kuificha sura yake. Shangazi akacheka, akasema basi tuweke "Bwana Yesu asifiwe." Nikamuuliza kama akiwa Mwislamu itakuwaje. Akanyamaza kidogo. "Kumbe hatumjui kabisa," akasema. Hapo ndipo alipoielewa kazi yenyewe. Salamu zetu nyumbani hutegemea kujua mkubwa nani, mdogo nani, mume, mke, anaswali wapi. Ofisi haina hata kimoja cha hivyo, na sisi tulikuwa tunaiandikia ofisi.

Upande wa kulia juu tukaweka anwani yake na tarehe. Chini yake kushoto: "Mkurugenzi wa Mji," halmashauri yake na sanduku la posta. Kisha "Kupitia: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa," ambaye tunamjua kwa jina, kwa sura, na hata kwa deni la mchango wa msiba. Shangazi alitaka naye asalimiwe. Haifai. Anayepitishiwa barua huweka maoni na muhuri wake, lakini salamu ni ya yule wa mwisho, na ni moja. Tukaandika "Ndugu Mkurugenzi," kwa herufi kubwa mbili na mkato mwishoni, kisha "YAH: MAOMBI YA KUFUFULIWA MIPAKA YA KIWANJA," na namba ya kiwanja na kitalu. Nilikataa "Mpendwa," ambayo kwa masikio yangu ni ya barua ya mchumba. Nilikataa pia "Kwa Yeyote Anayehusika." Hiyo ina mahali pake katika barua ya utambulisho, ambayo mwenyewe huibeba mfukoni na kuionyesha katika ofisi tano tofauti. Ukiipeleka kwa ofisi moja yenye mkuu mmoja, unakuwa umempita mwenye nyumba na kubisha hodi barabarani.

Mwisho wa barua ulituchukua muda zaidi ya mwanzo wake. Shangazi alikuwa amezoea kuona "Wako katika ujenzi wa Taifa," na aliipenda. Mimi pia naipenda, lakini ni sauti ya mtumishi kwa mtumishi mwenzake, na hapa tulikuwa tunaomba mawe mawili. "Wako mtiifu" ni ya anayepokea amri kutoka kwa anayemwandikia. Shangazi si mtumishi wa mkurugenzi, ni mlipa kodi. Ikabaki "Wako mwaminifu," ambayo maana yake kwenye barua ni kwamba niliyoandika ni ya kweli na nitasimama nayo. Juu yake tukaweka sentensi moja tu: "Naomba kuwasilisha."

Hapa pana mtego ambao hata walimu hunaswa. "Wako" haibadiliki mwandishi akiwa mmoja au wengi. Kinachobadilika ni sifa inayofuata. Wakazi kumi wakimwandikia mkurugenzi mmoja ni "Wako waaminifu." Mtu mmoja akiiandikia bodi au kamati ni "Wenu mwaminifu." Kumi wakiiandikia kamati ni "Wenu waaminifu." Nimewahi kuona barua ya mtaa mzima, sahihi 40 na kitu, ikiishia "Wako mwaminifu," na aliyeisoma aliuliza, kwa haki kabisa, huyo mwaminifu mmoja ni yupi kati yao. Angalia basi kwamba hata hapa lugha inauliza idadi tu. Haiulizi jinsia ya anayeandikiwa, wala ya anayeandika.

Tuliandika nakala mbili. Moja ikabaki masjala, ya pili ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na shangazi akaihifadhi ndani ya Biblia yake.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Yalianza "Ndugu," likafuata jina lake, yakataja kumbukumbu namba na ada ya kulipia, na chini kulikuwa na mchoro kama wa uzi uliojiviringa, kisha "Kny: Mkurugenzi wa Mji." Shangazi aliugeuzageuza ule mchoro kwenye mwanga wa dirisha. "Mwanamume au mwanamke?" akauliza. Sikujua. Hadi leo sijui.

Mpimaji alifika Alhamisi asubuhi, msichana mwembamba mwenye kofia ya jua, na kijana nyuma yake amebeba miguu mitatu ya kifaa cha kupimia. Kabla hajafungua begi alipiga magoti kidogo mbele ya shangazi na kusema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akaitika shangazi, akaenda kuwaonyesha msingi ulipopita.