Mwale wa Dirishani

Kuna fundi wa picha Mombasa ambaye, akitaka kuingiza jua chumbani, huanza kwa kutia giza. Nilimtazama akishughulikia picha ya bibi aliyevaa buibui jeusi, ameketi kando ya meza yenye dele la shaba. Ilikuwa imepigwa kivulini, na wajukuu walitaka jua la dirishani kutoka kushoto. Akafungua Curves, akaipunguza picha nzima mwangaza hadi chumba kikafanana na saa ya magharibi. Chumba kilichojaa mwanga hakionyeshi mwale.

Kisha akauchora mwale wenyewe. Kile tunachokiona hewani ni vumbi lililoshika jua, nalo huongeza weupe juu ya kila kilicho nyuma yake. Tabaka la Screen hufanya kazi hiyo sawasawa. Lakini jua linalotua juu ya kitu lina hesabu nyingine. Shaba hurudisha mwanga mwingi, buibui hurudisha kidogo sana. Jua likizidi mara tatu, vyote huzidi mara tatu, na buibui hubaki jeusi kando ya shaba. Kwa hiyo shavu, mkono na ubavu wa dele aliviinua kwa Curves nyingine, upande wa kushoto tu.

"Ukiona jeusi limekuwa jivu, mwanangu, ujue huo ni ukungu, si jua," aliniambia.

Ukungu huo umejaa kwenye picha za harusi za siku hizi. Mwale hununuliwa ukiwa tayari, ukabandikwa juu ya picha yote, hata mbele ya watu ambao ungepaswa kupita nyuma yao. Koti la bwana harusi limepauka, na kivuli cha pua yake kinaelekea dirishani! Inauma kuona kumbukumbu ya watu ikifanyiwa haraka namna hiyo.

Nilichokipenda zaidi ni kivuli cha dele. Jua si nukta, lina upana angani, hivyo ukingo wa kivuli hulainika kiasi cha sentimita moja kwa kila mita kutoka kwenye kitu hadi kinapoangukia. Nondo za dirisha lililo mita tatu kutoka sakafuni zilipewa kingo za sentimita tatu. Dele, lililokaa mezani, lilipata kivuli chenye ukingo mkali kitakoni, kikalegea milimita chache tu kwenye ncha. Halafu akapaka wekundu hafifu chini ya kidevu cha bibi, maana jua lililopiga kitambaa chekundu cha meza lazima lingeruka juu kidogo. Sidhani wajukuu waliuona wekundu ule, ila bila huo uso ungeonekana umekatwa kutoka mahali pengine.

Picha iliyopigwa kwa flashi usoni, fundi huyo haigusi. Mng'ao wa paji la uso umekwisha kuila ngozi, na kivuli kikali kimeganda ukutani nyuma ya kichwa. Hakuna Curves ya kurudisha kisichokuwemo. Humwomba mwenyewe akapige nyingine kivulini. Wengi hawarudi.