Jina Lipate Kutulia

Mbunifu mmoja wa Tanga, dada ambaye nimeketi pembeni yake mara nyingi akiwa kazini, huanza na picha ya mwisho. Mteja anapotaka nembo ya biashara yake itengenezewe video ya sekunde tatu, dada huyu haanzi kuwaza kiruke nini wala kizunguke nini. Hupanga nembo na jina mahali vitakapobaki mwendo ukiisha, kisha huikagua picha hiyo kana kwamba hakutakuwa na mwendo wowote. Huipunguza hadi upana wa kidole gumba. Huiondolea rangi, aone kama herufi bado zinajitenga na mandhari yake. Halafu humwita mtu yeyote anayepita mlangoni, humwonyesha kwa sekunde moja, huifunga na kumuuliza, "Umesoma nini?" Mtu akisita, picha inarekebishwa kwanza, na mwendo unasubiri.

Kazi niliyoifuatilia tangu mwanzo ilikuwa ya mama mmoja mwenye duka la ushonaji. Nembo yake ni sindano na uzi, na chini yake jina la maneno mawili. Mama alikuja na wazo lake, na kwa kusikia tu lilikuwa wazo zuri: sindano iingie kutoka kushoto, ishone jina herufi kwa herufi, uzi ukifuata nyuma.

"Itapendeza, mama," dada alimwambia, "ila watu watalisoma saa ngapi?"

Akamtengenezea ya majaribio palepale. Sote tulijikuta tukiifukuza ncha ya sindano kwa macho. Neno linaloandikwa polepole halisomeki mpaka herufi zake za mwisho zifike, na muda wote huo jicho halilitazami neno; linatazama kinachotembea. Sindano ilifunga fundo sekunde ya tatu ikiisha, na video ikakatika. Mama aliomba irudiwe, kisha akasema mwenyewe kwamba duka lake hakuliona.

Dada hakulitupa wazo la mama. Alilipunguzia mzigo. Anatumia picha 25 kwa kila sekunde, mwendo wa televisheni zetu, kwa hiyo sekunde tatu zilimpa picha 75 za kugawa. Sindano iliachiwa kazi moja, kushona mstari mmoja chini ya mahali pa jina, na iliimaliza kufikia picha ya 30. Jina halikuandikwa. Lilipanda zima kutoka nyuma ya mstari ule, likianza sindano ilipokaribia ukingo wa kulia, na likafika mahali pake kwenye picha ya 40. Zilizobaki, picha 35, karibu sekunde moja na nusu, hazikuwa na tukio lolote. Karibu nusu ya kazi aliyolipwa ilikuwa utulivu, na huo ndio aliokaa nao muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote.

Kwanza alishughulikia namna jina linavyofika. Kitu kikienda kwa kasi ileile mpaka kisimame ghafla, huonekana kimegonga ukuta. Akaipinda grafu ya kasi ili jina litoke haraka na kuishia taratibu, hatua za mwisho zikiwa ndogo mno kiasi kwamba huwezi kusema ni picha ipi hasa limesimama. Wengi siku hizi hulirusha jina lipite mahali pake kidogo kisha lirudi likitikisika. Kwenye mpira unaodunda inapendeza. Kwenye herufi huongeza picha kadhaa ambazo msomaji anasubiri zitulie, na sekunde tatu hazina akiba ya kusubiri.

Halafu alihakikisha kwamba pale lilipotua, jina limekaa kwenye pikseli kamili, bila sehemu ya nusu. Hapo nilimsogelea nitazame vizuri. Mstari mwembamba wa herufi ukiangukia katikati ya pikseli mbili, rangi yake hugawanywa kati ya zote mbili, na ukingo unakuwa na ukungu. Alilisogeza jina kwa kiasi ambacho nisingekiona kama asingekikuza, na ukungu ukaondoka.

Kuna sababu nyingine ya kulipa jina muda wa kusimama bila kutikisika, na inatoka ndani ya faili lenyewe. Video ikibanwa ili ipite kwenye simu, haihifadhi kila picha kikamilifu. Sehemu kubwa ya inachohifadhi ni tofauti kati ya picha moja na inayofuata. Mambo mengi yakibadilika kwa pamoja, nafasi haitoshi, na herufi huvunjikavunjika kuwa vipande vya mraba. Yakitulia, nafasi ile hutumika kusafisha kilichobaki, na ukitazama kwa makini utaona ukingo wa herufi ukinoleka katika picha chache zinazofuata. Ndiyo maana dada huyu hakubali nembo iendelee kukua polepole hadi mwisho, kama ilivyozoeleka, wala chembechembe za dhahabu zinazonyesha juu ya jina. Akimaliza hujitumia video kwa WhatsApp, huifungua kwenye simu ya bei ndogo, na huhukumu nakala hiyo. Jina huliweka karibu na katikati, kwa sababu kwenye stetasi sehemu ya juu hufunikwa na jina la aliyeituma na ya chini na mahali pa kujibu.

Adabu hii si ngeni. Mwaka 1982 Channel 4 ya Uingereza ilianza matangazo kwa nembo iliyobuniwa na Martin Lambie-Nairn: vipande vya rangi vikielea, vikakutana na kuwa tarakimu 4, vikasimama. Ukiwa umeikosa safari yote ya vile vipande, 4 ulikuwa umeiona. Na huku kwetu kabla ya video kulikuwa na mafundi wa kuandika kuta za maduka kwa brashi, waliopiga mistari ya chaki na kurudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara kutazama kabla ya kuchovya rangi. Walijua mtu atalisoma jina akiwa ndani ya basi linalopita.

Sasa sekunde tatu zinanunuliwa zikiwa tayari. Ni templeti, moto na vumbi la nyota vimo, kilichobaki ni kubadilisha jina. Lakini templeti iliyopangwa kwa neno la herufi tano, ukiitia jina refu la duka la mama, hulibana jina hilo hadi liwe dogo kuliko cheche zinazolizunguka. Mara nyingi hulionyesha mwishoni kabisa, kisha huzima kila kitu kuwa cheusi. Anayesimamisha video mwisho wake anakuta giza. Mwenye duka amelipia kutangaza jina lake, na picha ya mwisho haina hata herufi moja, na aliyemuuzia hakuitazama.

Mama wa ushonaji alikabidhiwa vitu viwili: video, na picha ile ya 75 ikiwa faili la peke yake, safi, la kuchapisha kwenye lebo za nguo na kibao cha mlangoni. Dada aliniambia kuwa wateja wengi hulipoteza hilo la pili. Simu ikiharibika wanabaki na video iliyokwishatumwa kikundi hadi kikundi, kila mara ikibanwa upya, na mwaka unaofuata mchapishaji wa fulana anaisimamisha video hiyo, anaikata, na anachora herufi zilizofifia kwa kukisia. Nimeona vibao vya namna hiyo mjini, jina likiwa limebadilika umbo la herufi bila mwenyewe kujua.