Kosa la kutafsiri ‘p.m.’ na kuiacha saa ilivyo

Kuna kosa moja la tafsiri ambalo limezagaa katika matangazo, tiketi na barua za mwaliko humu nchini hivi kwamba wengi hawalioni tena kuwa kosa. Mfasiri hukutana na `8:00 p.m.` katika matini ya Kiingereza, akaandika “saa 8:00 usiku”, akaenda zake. Ameitafsiri ‘p.m.’ vizuri, ila tarakimu ameziacha zilivyo. Alichokiandika katika Kiswahili ni saa nane usiku, yaani wakati ambapo Waingereza wanasema `2:00 a.m.` Pengo ni la saa sita kamili.

Asili ya tofauti hii inajulikana. Saa ya Kiingereza huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, na kwa kuwa sisi tu karibu na ikweta, matukio hayo hayahami sana mwaka mzima. Kanuni ya kugeuza ni nyepesi: toa sita, ukipata sifuri au pungufu, ongeza kumi na mbili. Kumi huwa nne, tatu huwa tisa, sita huwa kumi na mbili. Dakika hazibadiliki.

Wanaoutetea mseto huu huniambia, “Aah, kwani nani haelewi? Mkenya akiona nane kwenye simu anasema saa mbili.” Ni kweli. Lakini hoja hiyo inajipinga yenyewe. Mkenya huyo anaigeuza tarakimu kwa sababu anajua kuwa simu inafuata Kiingereza. Akikuta neno “saa” katika sentensi ya Kiswahili, ageuze au asigeuze? Magazeti ya Tanzania huandika “saa 2:00 usiku” yakimaanisha saa mbili ya Kiswahili, wakati wa taarifa ya habari. Tarakimu hapo hazina kosa lolote. Kosa ni kuweka hesabu ya Kiingereza nyuma ya neno “saa”, kisha kumwachia msomaji akisie.

Jambo ambalo halijaangaliwa ipasavyo ni kwamba kosa hili halina madhara sawa mchana na usiku. Chukua saa za kupiga kura nchini Kenya. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Mfasiri mzembe ataandika “saa 6:00 asubuhi hadi saa 5:00 jioni”. Msomaji atashtuka mara moja, maana saa sita si asubuhi, na saa tano haijawahi kuwa jioni. Neno la wakati linaigomea tarakimu, basi kosa linajifichua. Mchana una mitego michache tu, kama vile “saa 5:00 asubuhi”, inayoweza kuwa saa tano halisi au alfajiri ya saa kumi na moja iliyotafsiriwa vibaya.

Usiku mambo ni tofauti. Neno “usiku” linabeba saa moja hadi saa kumi, takriban, na tarakimu nyingi za Kiingereza za usiku zinaingia humo bila kugomewa. “Saa 10:00 usiku” inasomeka sawasawa kama saa kumi, karibu na alfajiri. “Saa 4:00 usiku” inasomeka sawasawa kama saa nne, watu wanapokwenda kulala. Hakuna kinachomshtua msomaji. Kwa hiyo mhariri anayetegemea sikio lake kunasa makosa ya saa atayanasa ya mchana, na ya usiku yatampita.

Tutazame mfano kwa kina. Tuseme tiketi ya basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, iliyotolewa na programu iliyoundwa kwa kufuata desturi ya Marekani, inaonyesha kuwa abiria wafike Alhamisi `10:30 p.m.` na basi liondoke Ijumaa `03/06/2026`, `12:30 a.m.` Mfasiri anaandika: “Fika Alhamisi saa 10:30 usiku. Basi litaondoka Ijumaa 03/06/2026 saa 12:30 usiku.”

Kwanza, tarehe. Mkenya husoma siku kabla ya mwezi, hivyo ataona tarehe 3 Juni. Lakini tarehe 3 Juni 2026 ni Jumatano, si Ijumaa. Jina la siku limeigomea tarehe, kama vile “jioni” ilivyoigomea saa tano. Ijumaa inayokusudiwa ni tarehe 6 Machi. Hii ndiyo sababu jina la siku halifai kuachwa katika tafsiri hata pale linapoonekana kuwa la ziada.

Pili, saa. “Saa 12:30 usiku” ni saa kumi na mbili na nusu, giza linapoingia. Abiria anayeisoma hivyo atafika kituoni Ijumaa magharibi, wakati basi limeondoka zaidi ya saa kumi na saba zilizopita. Saa iliyokusudiwa ni saa sita na nusu.

Tatu, usiku wenyewe ni wa nani? Kwa Kiingereza, siku imeshabadilika nusu saa kabla basi halijang’oa nanga. Katika desturi ya Waswahili wa pwani, siku huanza jua linapotua, kwa hivyo “usiku wa Ijumaa” ni usiku unaoitangulia Ijumaa. Kwa Mkenya wa bara, maneno hayohayo aghalabu ni usiku unaoifuata. Ukiandika “usiku wa Ijumaa” umewagawa wasomaji wako. Kiswahili kina dawa ya utata huo: “usiku wa kuamkia Ijumaa”. Tafsiri sahihi basi ni hii: “Fika Alhamisi, tarehe 5 Machi 2026, saa nne na nusu usiku. Basi litaondoka saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 6 Machi.”

Wengine wataitwika kompyuta lawama, na hawatakosea sana. Programu nyingi huchota miundo ya tarehe na saa kutoka hazina iitwayo CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode. Humo saa huundwa kwa herufi: `H` ni saa ya 0 hadi 23, `h` ni ya 1 hadi 12, na `B` huleta neno la wakati kama vile “asubuhi” au “usiku”. Hakuna herufi inayotoa sita. Muundo `h:mm B` ukitumiwa kwa Kiswahili hutoa `8:00 usiku`, kosa lilelile la mfasiri wetu. Anayeunda programu ya Kiswahili ana njia mbili za kweli: atumie saa 24 bila neno la wakati, mathalan `20:00`, au aandike mwenyewe hesabu ya kutoa sita.

Ninapendekeza mfasiri naye ashike desturi hiyohiyo. Akiandika “saa”, hesabu iwe ya Kiswahili, na kwa maneno: saa mbili usiku. Tiketi au ratiba ikihitaji tarakimu za Kiingereza, aweke saa 24 kwenye mabano bila neno “saa”: saa mbili usiku (20:00). Mifumo hiyo miwili ikikaa bega kwa bega, moja inaikagua nyingine, na ile saa ya usiku isiyo na wa kuigomea itakuwa imepata shahidi.