Kabati la Pwani

Shati la kazini haliingii kawa. Huvaliwa, hufuliwa, huanikwa, hupigwa pasi na kurudi kwenye henga kabla unyevu haujapata muda wa kulizoea. Kinachoingia kawa ni joho la harusi, ni sweta ya safari ya Lushoto, ni doti ya kanga iliyopokelewa kama zawadi ikatunzwa mpaka itokee shughuli ya kuivalia. Sisi wa pwani hulijua jambo hili kwa pua kabla ya macho: mwezi wa Mei unafungua mlango wa kabati, unakutana na uvundo, na ukikunjua kitambaa unaona vidoa vidogo vyeusi vimetapakaa kwenye mikunjo. Vidoa hivyo vikishakolea kwenye pamba nyeupe, hakuna sabuni inayovitoa vyote.

Ndiyo maana naustahi sana ufundi wa kupanga kabati na stoo kama ulivyo huku kwetu. Kanuni yake ya kwanza inajulikana kila mahali: kinachotumika mara nyingi kikae karibu na mkono, kinachotumika kwa nadra kikae mbali. Lakini pwani kanuni hiyo ni nusu ya kazi. Kitu kilichowekwa mbali ndicho kinachoharibika, na kwa hiyo ndicho kinachohitaji kupangiwa tarehe.

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, alikuwa hodari wa kazi hii kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alikuwa na kabati moja la milango miwili, kasha la msaji la urithi, na kijistoo cha nyuma kilichokuwa karibu na jiko. Ndani ya kabati, sehemu ya kati ya bega na kiuno ilikuwa ya vitu vya kila siku tu. Hapo mtu hufika bila kuinama wala kuinua visigino, na shangazi hakuruhusu chochote kikae hapo kwa sababu ya uzuri wake au bei yake. Kanga za kushindia zilikaa hapo. Kanga za kutokea, ambazo zilikuwa nzuri zaidi, zilikaa rafu ya juu yake. Chini kabisa, karibu na sakafu ambako unyevu hupanda, hakuweka kitambaa hata kimoja. Hapo palikuwa pa mabirika, ndoo za bati na viatu vya mpira.

Kabati lenyewe halikugusa ukuta. Nyumba ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunywa mvua upande wa nje na kuitoa polepole upande wa ndani. Aliacha nafasi ya kiganja kizima kati ya mgongo wa kabati na ukuta, hewa ipite. Kasha lilikuwa na miguu yake, kwa hiyo halikuhitaji kuinuliwa. Masanduku ya chini ya kitanda aliyapandisha juu ya matofali.

Upande wa nguo za kutundikwa alikuwa na desturi moja ambayo nimekuja kuikuta mbali sana na Tanga. Nguo iliyotoka kufuliwa ilirudi daima mwisho wa kushoto wa ufito, bila kujali ilitoka wapi. Mwaka 1993 mchumi wa Kijapani, Noguchi Yukio, alichapisha kitabu cha kupanga makaratasi ya ofisini kwa njia hiyohiyo: faili lililotumika leo hurudishwa kushoto, na yale yasiyoguswa husukumwa kulia yenyewe. Faida yake ni kwamba hukai chini kuamua kipi unakitumia sana na kipi hukitumii. Baada ya miezi michache ufito wenyewe unakuonyesha. Nguo zilizobanana kulia ndizo ambazo mkono wako umeziacha, hata kama mdomo wako bado unasema unazipenda.

Hata hivyo, mpango huo una upungufu mkubwa, na hapa majira ndipo yanapoingia. Mwezi wa Januari koti la mvua litakuwa limesukumwa hadi mwisho wa kulia, pamoja na suruali isiyokutosha tena. Ufito hauwezi kutofautisha nguo iliyokwisha zamu yake na nguo inayosubiri zamu. Mtu ndiye lazima ajue. Wazee wetu walijua vizuri, maana wavuvi na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wa jua tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakasema mwongo fulani ni wa kulima na mwongo fulani bahari haiaminiki. Shangazi hakuhesabu miongo, ila alikuwa na siku zake. Wiki ya kwanza ya Machi, kaskazi ingali inavuma na anga ni kavu, miavuli na makoti ya mvua yalishushwa, yakafunguliwa na kukaguliwa kama yamechanika. Mwisho wa Mei, masika yakielekea kwisha, sweta zilitoka kwenye kasha, kwa sababu Juni na Julai watoto walikwenda kwa ndugu Lushoto, na kule Usambara kipupwe kinauma. Oktoba miavuli ilisogezwa tena karibu na mlango kwa ajili ya vuli. Kila kitu kilishushwa kabla ya kuhitajika. Mwavuli unaotafutwa wakati mvua imeshaanza humlazimu mtu kupekua stoo nzima, na stoo iliyopekuliwa kwa haraka huchukua mwezi kurudi katika hali yake.

Siku kubwa kuliko zote ilikuwa ya Januari au Februari. Hewa ya pwani huwa nzito zaidi Aprili na Mei, na kwenye kaskazi hupungua uzito. Asubuhi jua likishapanda, kila kitu cha kasha kilitolewa na kutandazwa, cheupe juani, cha rangi kivulini penye upepo ili kisipauke. Vitambaa vilivyokuwa vimekunjwa vilikunjuliwa, na viliporudishwa vilikunjwa kwa mistari mingine, kwa kuwa kitambaa kinachokunjwa palepale miaka yote hukatika kwenye mkunjo. Kurudisha kulikuwa na saa yake. Nguo iliyotoka juani iliachwa ipoe kivulini kwanza. Ukiifungia na joto lake, usiku kasha linapopoa unyevu ulio ndani ya hewa ile huganda juu ya kitambaa. Na kasha lilifungwa saa tisa au saa kumi alasiri, wakati hewa ya mchana ingali kavu. Baada ya magharibi hakukubali kufunga, alisema, "Mwanangu, sasa tutafungia umande."

Kabla ya kuwekwa muda mrefu, nguo ilifuliwa hata kama ilivaliwa mara moja na ikaonekana safi. Jasho halionekani siku ya kwanza, ila likikaa miezi sita hugeuka doa la manjano kwapani na shingoni, na nondo hupenda sufu yenye jasho kuliko sufu safi. Kanzu za kuwekwa hazikutiwa wanga, kwa sababu wanga ni chakula cha mende na cha yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha anayekimbia ukifungua kabati. Doti mpya za kanga, ambazo hutoka dukani na wanga wake, alizisuuza kwa maji matupu, akazikausha, ndipo akaziweka. Joho lenye zari lilifungwa ndani ya shuka kuukuu ya pamba, kamwe si mfuko wa plastiki. Plastiki huuzuia unyevu usiingie, na vilevile huuzuia ule uliokwisha kuingia usitoke.

Jambo moja ninaliongeza mimi, na linamgharimu mtu kijiko kimoja cha chumvi. Weka chumvi nyeupe ya dukani kwenye kisahani, iache kwenye rafu ya chini, ifunge humo siku mbili tatu. Chumvi safi hubaki kavu mpaka unyevu wa hewa ufike karibu asilimia 75, ikipita hapo huanza kulowa na kuyeyuka. Kawa huweza kuota hata chini kidogo ya kiwango hicho. Kwa hiyo ukikuta chumvi imelowa, usingoje harufu. Toa vitu, acha milango wazi mchana wenye upepo, na angalia kama kabati limeegemea ukuta. Usitumie chumvi ya mawe ya baharini kwa kipimo hiki, maana hulowa mapema na itakutisha bure.

Vidonge vyeupe vya kuulia nondo navyo vina mahali pake, na mahali hapo hapakaribiani na nguo za mtoto mchanga. Mvuke wa nafthalini unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi. Nguo na blanketi za mtoto zilindwe kwa kufuliwa na kuanikwa mara kwa mara. Karafuu zilizofungwa kwenye kitambaa hunukia vizuri na huenda zikamfukuza nondo anayetafuta pa kutagia, lakini haziui mayai yaliyokwisha kutagwa, kwa hiyo hazishiki nafasi ya jua.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya kupanga nyumba vilivyoandikwa ughaibuni haviwezi kutufundisha. Kwetu mwaka wa pepo ni mmoja na mwaka wa mwezi ni mwingine. Masinia makubwa, sufuria za shughuli, vikombe vya kahawa vya wageni, chetezo na kanzu za Idi vina msimu wao, na msimu huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2016 Ramadhani iliingia Juni, kwenye kipupwe. Mwaka 2022 iliingia Aprili, na kanzu za Idi zikarudishwa kabatini mwanzo wa Mei, katikati ya masika. Wengi walizifunga zikiwa na unyevu bila kujua, kwa sababu walifuata desturi waliyoizoea miaka sita nyuma, wakati Idi ilipofuatwa na miezi mikavu. Mwaka ule dawa ilikuwa kupiga pasi kila kanzu siku ya kuifunga, kuiacha ipoe, kisha kuitoa tena jua la kwanza la Juni.

Kwa hiyo vyombo vya Ramadhani visipangiwe mwezi wa kalenda ya ukutani. Vikae rafu moja peke yao, vishushwe mwandamo wa Shaabani, na siku ya kuvirudisha uangalie upepo gani unavuma. Sasa msimu huo unaingia kwenye kaskazi, wakati mwema kabisa wa kufunga makasha. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Masinia yatashuka kwa ajili ya kila moja, na mara zote mbili yatarudi juu yakiwa makavu.