Kwa Nini Swichi ya VPN Huvuja Unapohama Mtandao

Swichi ya kukata ya VPN ina kazi moja: VPN ikianguka, data isitoke kwenye mashine ikiwa wazi. Swichi dhaifu hufanya kazi kwa kuvizia. Inaangalia kama VPN ingali hai, na ikiona imekufa ndipo inafunga intaneti. Katika ule muda mfupi kabla haijagundua, programu ya barua pepe imeshajaribu tena kuungana, na anwani yako halisi imeshaonekana.

Swichi imara haisubiri kuona. Huwekewa kanuni mapema kwamba pakiti isiyopitia VPN ikataliwe, VPN iwe hai au la. Kwenye Linux, mwongozo wa wg-quick, chombo cha kuwashia WireGuard, unatoa mfano huu:

```
PostUp = iptables -I OUTPUT ! -o %i -m mark ! --mark $(wg show %i fwmark) -m addrtype ! --dst-type LOCAL -j REJECT
```

Maana yake: pakiti ikielekea nje bila kupitia WireGuard, na haina alama ya WireGuard yenyewe, ikataliwe. Napenda kwamba kanuni hii haitaji kadi ya waifai wala ruta yoyote. Kanuni inayofunga `wlan0` peke yake haina la kufanya ukichomeka simu kwa waya, kwa sababu sasa data inatokea kwenye kadi nyingine.

Hata hivyo, kanuni hii nayo ina pengo. Chukua laptopu iliyo kwenye waifai ya ofisi yenye IPv4 tu, na usanidi wake wa VPN una `AllowedIPs = 0.0.0.0/0`. Ukipima hapo, kila kitu ni salama. Jioni unahamia hotispoti ya simu ambayo mtandao wake unatoa IPv6. Laptopu inapokea anwani mpya pamoja na njia ya kutokea. WireGuard haikuambiwa ishughulikie IPv6, na `iptables` haioni pakiti za IPv6 kabisa. Kivinjari, ambacho kwa kawaida hujaribu IPv6 kwanza, kinapita moja kwa moja. VPN haijaanguka na ikoni yake bado inaonyesha imewaka, kwa hiyo hakuna kinachokushtua.

Uvujaji huu unapimwa hivi:

```
curl -6 https://ifconfig.co
```

Ikitokea anwani ya kampuni ya simu, data inavuja. Dawa ni kurudia kanuni ileile kwa `ip6tables`. Kivinjari kikikataliwa huko kitarudi kwenye IPv4, ndani ya VPN.

Pengo la pili hutengenezwa na watu wenyewe. Baadhi huweka skripti ya kuzima na kuwasha VPN kila mtandao unapobadilika. Usanidi wa kawaida huondoa kanuni hiyo kwa `PreDown` wakati wa kuzima, kwa hiyo mashine inabaki wazi hadi VPN iwake tena. Mwenye skripti kama hiyo aiweke kanuni nje ya wg-quick, ipakiwe kompyuta inapowaka, na iruhusu pakiti za ndani ya mashine, zinazopitia VPN, zinazokwenda kwenye seva ya VPN, na DHCP tu.