Tarehe Inayozaliwa na Sababu: Uhakiki wa Barua ya Kuomba Muda

Kampuni inayofunga hesabu zake tarehe 31 Desemba ina miezi sita ya kuwasilisha ritani ya mapato kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Miezi hiyo huisha tarehe 30 Juni. Anayeona hatawahi anaruhusiwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, kuomba muda zaidi kwa maandishi, mradi ombi lifike kabla muda haujapita. Kwa hiyo barua ni sehemu ya utaratibu wenyewe, na inafaa kusomwa kwa makini kama tunavyosoma maandishi mengine yanayotaka kumshawishi mtu.

Nimetunga barua ya mfano kwa maneno yaliyozoeleka katika barua za aina hii. Mwandishi wake ni kampuni ndogo ya uwakala wa forodha mjini Tunduma, na inaandikiwa Meneja wa TRA, Mkoa wa Songwe. Kichwa chake kinasema, "YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA." Kisha inaendelea:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunapenda kuchukua nafasi hii kukupongeza kwa kazi nzuri ya kukusanya mapato ya Taifa. Kutokana na changamoto mbalimbali zilizo nje ya uwezo wetu, tumeshindwa kukamilisha hesabu kwa wakati. Hivyo tunaomba utuongezee muda wa kutosha ili tukamilishe suala la kodi. Tunatanguliza shukrani."

Adabu ipo, tena ya kutosha. Barua ya Kiswahili haimvamii mkubwa, na sioni ubaya wa "husika" wala wa shukrani zinazotangulia. Pongezi ningezifuta. Ofisa anayesoma maombi mwezi Juni anatafuta namba ya TIN na mwaka wa mapato, na barua hii haina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kasoro kubwa imejificha kwenye "suala la kodi". Tarehe 30 Juni ina mambo matatu kwa kampuni hii. Ritani ya mwaka uliopita inatakiwa, kodi iliyobaki ya mwaka huohuo inatakiwa, na awamu ya pili ya kodi ya makadirio ya mwaka unaoendelea nayo inatakiwa. Mwandishi ameyafunga yote katika fungu moja. Akijibiwa "ombi limekubaliwa", atajuaje ni lipi kati ya hayo limekubaliwa? Muda wa kuwasilisha ritani ni ombi moja, na muda wa kulipa ni ombi jingine lenye masharti yake. Wengi huliona hilo pale riba inapoanza kuhesabika juu ya fedha ambazo hawakuzilipa, huku mkononi wana barua waliyodhani inawakinga.

Halafu kuna "changamoto mbalimbali". Iondoe Tunduma uipeleke Kigoma au Lindi, haitabadilika hata herufi. Na "nje ya uwezo wetu" si kweli. Katika mfano wetu mhasibu aliacha kazi mwezi Aprili, na menejimenti ikachelewa kumpata mwingine. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wao. Msomaji mwenye uzoefu akikutana na kauli inayojitakasa hivyo, huanza kuitilia shaka barua yote.

Sasa tuiandike upya, kwa ukweli uleule:

"KUH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUWASILISHA RITANI YA MAPATO YA MWAKA ULIOISHIA 31 DESEMBA 2024

Tunaomba kuwasilisha ritani iliyotajwa hapo juu tarehe 28 Julai 2025 badala ya 30 Juni 2025. Ombi hili halihusu malipo ya kodi.

Mhasibu wetu aliacha kazi mwezi Aprili, nasi tulichelewa kumwajiri mwingine hadi mwishoni mwa Mei. Wateja wetu wa upande wa Nakonde hulipa sehemu ya ada zetu kwa kwacha, na mapokezi ya Novemba na Desemba 2024 bado hayajageuzwa kuwa shilingi wala kulinganishwa na taarifa za benki. Hesabu za Januari hadi Oktoba zimekamilika.

Kazi ya Novemba itakamilika tarehe 27 Juni, na ya Desemba tarehe 11 Julai. Mkaguzi wetu wa hesabu ameomba wiki mbili baada ya hapo, kama barua yake iliyoambatanishwa inavyoeleza."

Tarehe ya barua ni 16 Juni 2025, na TIN ipo juu kabisa.

Tazama mpangilio. Ombi limewekwa mwanzo, na sababu inafuata. Shuleni tulizoeshwa kuzunguka kwanza, kisha kuomba mwishoni kwa unyenyekevu. Hapa mzunguko unamchosha msomaji, kwa kuwa hawezi kuipima sababu kabla ya kujua inadai siku ngapi.

Aya ya pili inakiri kosa kwa maneno manne tu: "nasi tulichelewa kumwajiri mwingine". Haijitetei, na haijipigi kifua pia. Kisha inakuja sababu isiyoweza kuhamishwa kwenda mji mwingine kirahisi. Kwacha ni fedha ya kila siku pale mpakani, lakini hesabu za kodi ya Tanzania huandikwa kwa shilingi, na kila pokezi linahitaji kiwango cha kubadilishia cha tarehe yake. Anayeijua Tunduma ataona mara moja kwa nini miezi miwili ya stakabadhi inakula wiki nne za mhasibu mgeni. Kuhusu sentensi inayosema Januari hadi Oktoba imekamilika, naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inapunguza tatizo hadi kipimo chake halisi, na inamwonyesha ofisa kwamba kazi inakwenda.

Aya ya tatu ndiyo inayoizaa tarehe. Kutoka 11 Julai, wiki mbili za mkaguzi zinafika Ijumaa ya 25 Julai, na Jumatatu yake ni 28, siku ya kuingiza ritani kwenye mfumo. Sikukuu ya Saba Saba tayari imo ndani ya wiki za Desemba. Ofisa anaweza kuikagua hesabu hii kwa kalenda ya ukutani. Mwandishi angeweza kusukuma mpaka mwisho wa Agosti "kwa usalama", lakini siku zisizo na kazi ndani yake zingeidhoofisha hoja yake. Kubana mno nako kuna hatari. Anayepewa hadi 28 Julai akashindwa, adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa mwezi au sehemu ya mwezi, hivyo siku chache tu huhesabiwa kama mwezi.

Barua hii nayo ina pengo. Inasema ombi halihusu malipo, lakini haisemi kampuni itafanya nini kuhusu kodi iliyobaki. Sentensi moja ingetosha: kwamba italipa makadirio ya kodi hiyo pamoja na awamu ya pili ifikapo 30 Juni, na kwamba risiti ya malipo ya Machi imeambatanishwa. Bila sentensi hiyo, msomaji anaweza kudhani kwamba anayeomba siku anaficha ukata.

Mwishoni, "Wako katika ujenzi wa Taifa" ibaki kwa anayeipenda. Kilicho cha lazima ni saini ya mtu mwenye mamlaka, cheo chake, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo unathibitisha kwamba uliomba kabla ya muda kupita. Hauthibitishi kwamba umekubaliwa, na mpaka jibu la maandishi litoke, tarehe yako ni 30 Juni.