Opsheni 20,000 ni Kiasi Gani? Maswali ya Kumpelekea Afisa wa Ajira

Barua ya ajira inamfikia mtayarishaji programu mmoja wa Nairobi. Mshahara umeandikwa kwa shilingi, likizo ni siku 21, bima ya afya ipo, na chini kabisa kuna sentensi moja: menejimenti itapendekeza kwa bodi apewe opsheni 20,000 za kampuni mama. Jioni afisa wa ajira anapiga simu. Anasema mshahara huo ndio mwisho wa bajeti, lakini asisahau hisa, kwa sababu hizo peke yake ni dola 50,000.

Mfano huu nimeutunga, ila muundo wake ni wa kila siku. Kampuni changa nyingi za Nairobi zinazotafuta mitaji ya nje husajili kampuni mama katika jimbo la Delaware, Marekani, na ile ya Kenya huwa kampuni tanzu yake. Mfanyakazi huajiriwa na ya Kenya, lakini hisa anazoahidiwa ni za ile ya Delaware. Kwa hiyo sheria ya kazi inayomlinda ni ya hapa, na mkataba wa hisa unafuata sheria za huko.

Turudi kwenye zile dola 50,000. Afisa wa ajira hakudanganya, alizidisha tu. Katika awamu ya mwisho wawekezaji walinunua kila hisa kwa dola 2.50, naye akachukua 20,000 mara 2.50. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, opsheni si hisa. Ni haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa mapema. Ikiwa bei hiyo ni senti 40 za dola, kuzinunua zote kutamgharimu dola 8,000 kutoka mfukoni mwake, na hilo afisa hakulitaja. Pili, wawekezaji walinunua hisa za upendeleo, ilhali mfanyakazi anapewa hisa za kawaida. Hisa hizo mbili hazina haki sawa, na ndiyo sababu moja ilikwenda kwa dola 2.50 na nyingine imepangiwa senti 40.

Kabla ya kuandika maswali, ni vizuri kujua unamwandikia nani. Akiwa wakala wa nje, kwa kawaida hulipwa asilimia fulani ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza, na daftari la wanahisa hajawahi kuliona. Akiwa mwajiriwa wa kampuni yenyewe, huenda ana karatasi ya maelezo ya jumla tu aliyopewa na idara ya fedha. Ukimbana kwenye simu atakujibu kwa kukisia, na atakisia kwa kuvutia upande wa kukufanya usaini. Njia inayofanya kazi ni kumwandikia baruapepe fupi ambayo anaweza kuituma kama ilivyo kwa mkuu wa fedha, yenye maswali ambayo jibu lake ni tarakimu au tarehe. Hivi:

"Habari dada, asante sana kwa barua ya ajira, nimeifurahia. Kabla sijasaini naomba unisaidie kupata majibu haya kutoka kwa wenzako wa fedha. Jumla ya hisa zote za kampuni ni ngapi, tukihesabu pia opsheni zilizokwisha kutolewa na zile zilizotengwa? Bei ya kununulia itakuwa kiasi gani, na bodi itaidhinisha opsheni zangu lini? Wawekezaji wameweka jumla ya dola ngapi, na kampuni ikiuzwa wana haki ya kulipwa kiasi gani kabla ya wenye hisa za kawaida? Nikiacha kazi, nina muda gani wa kununua zile zilizokomaa? Naomba pia nakala ya kanuni za mpango wa hisa. Nitashukuru nikipata majibu kwa maandishi."

Barua hii haidai nyongeza wala haimtuhumu mtu. Ila kila swali limewekwa kwa sababu yake.

La kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa 20,000 ni namba tupu mpaka ujue inagawanywa kwa ngapi. Tuseme jibu ni hisa 10,000,000: waanzilishi 5,500,000, wawekezaji 3,000,000, na 1,500,000 zimetengwa kwa wafanyakazi. Basi ameahidiwa asilimia 0.2. Angalia maneno yaliyotumika kwenye swali. Ukiuliza tu "hisa zilizotolewa ni ngapi", unaweza kujibiwa kwa kuacha nje fungu la wafanyakazi. Hesabu itakuwa 20,000 kwa 8,500,000, nawe utajiona una karibu asilimia 0.24. Tofauti inaonekana ndogo, lakini katika kampuni yenye fungu kubwa la wafanyakazi au mikopo inayosubiri kugeuzwa hisa, inakuwa kubwa. Kuna kampuni zinazokataa kutoa jumla hiyo kwa kisingizio cha siri. Hapo omba asilimia peke yake, iliyohesabiwa kwa msingi huo huo. Ikikataliwa nayo, zihesabu opsheni hizo kuwa sifuri unapolinganisha kazi hii na nyingine.

Swali la bei na bodi lina mtego ambao wengi hawauoni. Barua ya ajira haitoi opsheni, inaahidi kuzipendekeza. Bodi ndiyo inayozitoa, na bei hupangwa siku bodi inapoidhinisha. Kwa kampuni ya Marekani bei hiyo haipaswi kuwa chini ya thamani halisi ya hisa ya kawaida siku hiyo, na thamani hupatikana kwa tathmini ya mtaalamu wa nje inayofuata kifungu cha 409A cha sheria ya kodi ya nchi hiyo. Tathmini hutegemewa kwa muda usiozidi miezi 12, na hupoteza nguvu mapema zaidi likitokea jambo kubwa, kama vile kupata mtaji mpya. Kwa hiyo senti 40 za mfano wetu ni bei ya tathmini iliyopo sasa. Ukianza kazi mwezi wa tatu, kampuni ikapata mtaji mwezi wa tano na bodi ikakaa mwezi wa sita, unaweza kujikuta na bei ya dola moja kwa opsheni zile zile. Hakuna aliyevunja ahadi, maana senti 40 hazikuandikwa popote. Ndiyo maana tunauliza tarehe, na ukipata nafasi uliza pia kama kuna mazungumzo ya mtaji yanayoendelea. Huenda usijibiwe hilo la mwisho, lakini kusitasita kwao nako kuna habari.

Sasa haki ya wawekezaji kulipwa kwanza. Katika mfano wetu waliweka dola milioni 7.5, na masharti yao ni ya kawaida: kampuni ikiuzwa, wanachagua ama kurudishiwa fedha zao kwanza, ama kugeuza hisa zao kuwa za kawaida na kugawana na wengine. Tuseme kampuni imeuzwa kwa dola milioni 9. Magazeti yatasifu. Wawekezaji wenye asilimia 30 wakigawana na wengine watapata milioni 2.7, kwa hiyo wanachagua milioni 7.5 zao. Inabaki milioni 1.5. Hata tukidhani hakuna opsheni hata moja iliyonunuliwa, na fedha hizo wamegawana waanzilishi peke yao kwa hisa zao 5,500,000, kila hisa inapata kama senti 27. Mfanyakazi wetu ana haki ya kununua kwa senti 40 kitu cha senti 27. Anaondoka bila kitu katika mauzo ya dola milioni 9.

Ikiuzwa kwa milioni 40 mambo yanageuka. Asilimia 30 ni milioni 12, zaidi ya milioni 7.5, hivyo wawekezaji wanageuza hisa zao na kila hisa inakuwa dola 4. Opsheni 20,000 zinaleta dola 72,000 baada ya kutoa bei ya kununulia, kabla ya kodi, na tukichukulia kwamba hakuna mtaji mwingine ulioingia katikati. Kiwango ambapo wawekezaji hawa wanavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni dola milioni 25. Huo ndio mstari wa kuuweka kichwani unapojiuliza kampuni hii inaweza kuuzwa kwa kiasi gani. Na mkuu wa fedha akikujibu kwamba wawekezaji wanarudishiwa mara mbili, au wanarudishiwa zao kisha wanagawana tena kilichobaki, ujue mstari umesogea mbali.

Kukomaa kwa opsheni hakuna fumbo kubwa: mara nyingi ni miaka minne, na mwaka wa kwanza ni wote au bila. Ukiondoka mwezi wa 11 huna hata moja, ukifikisha miezi 12 una 5,000, kisha zinaongezeka takriban 417 kila mwezi. Hakikisha tu kwamba mwaka unahesabiwa tangu siku ya kuanza kazi na si tangu mwisho wa majaribio.

Penye maumivu ni baada ya kuacha kazi. Mikataba mingi inatoa siku 90. Muda huo unatokana na sheria ya kodi ya Marekani, ambapo aina moja ya opsheni hupoteza nafuu yake ya kodi ikinunuliwa baada ya miezi mitatu tangu mtu aache kazi. Mkenya asiyelipa kodi Marekani hafaidiki na nafuu hiyo, ila siku 90 anazo. Akiondoka baada ya miaka miwili ana opsheni 10,000, na lazima atafute dola 4,000, takriban shilingi nusu milioni, ndani ya miezi mitatu, anunue hisa ambazo hana pa kuziuza. Juu ya hapo, tofauti kati ya bei aliyolipa na thamani ya wakati huo inaweza kutozwa kodi kama mapato ya ajira, kwa hiyo amwone mshauri wa kodi kabla hajalipa. Muda huu unaweza kurefushwa na bodi. Mwaka 2015 Pinterest ilitangaza miaka saba kwa wafanyakazi waliodumu angalau miwili. Kwa maoni yangu, hili ndilo la kulikazania kuliko kuomba opsheni 5,000 zaidi, kwa sababu haligharimu kampuni fedha taslimu leo, nalo linakuokoa usipoteze ulichokifanyia kazi.

Kampuni nyingine ndogo hazitoi hisa, zinaahidi gawio la faida. Hapo maswali ni machache: faida ya hesabu zipi, zilizokaguliwa au za ndani, kabla au baada ya kodi na malipo ya wakurugenzi, na nani anaamua kama mwaka huu litatolewa. Ukiona maneno "kwa hiari ya menejimenti", hiyo ni bonasi, hata ikiitwa gawio.

Majibu yakija nusu nusu, usisaini wala usikatae. Mwambie afisa wa ajira kwamba bila jumla ya hisa utaipima nafasi hii kwa mshahara pekee, kisha taja mshahara unaoutaka. Na ukishaanza kazi, fuatilia mpaka upate mkataba wa opsheni wenye tarehe ya bodi, idadi na bei. Mpaka mkataba huo utolewe, huna opsheni hata moja.